Jaribu ndevu kwenye picha yako kabla ya kuzifuga: mwongozo wa kupima kwa milimita

Mdogo wangu aliwahi kunionyesha picha yake kwenye simu akiwa na ndevu nzito, zimejaa kutoka sikio hadi sikio. Programu fulani ndiyo iliyombandikia. Alipendeza kweli, na akaamua kufuga. Baada ya wiki saba mashavu yalikuwa yametoa mafungu mafungu, masharubu yamekataa kuungana na kidevu, na chini ya taya nywele zimelala upande. Programu ilikuwa imemwekea ndevu za mtu mwingine usoni, naye akaamini ni zake.

Tulipoanza upya tulichora wenyewe, kwa kufuata nywele zinazoota kweli kwenye ngozi yake na kwa urefu unaopimika. Nitaeleza namna tulivyofanya, kwa kutumia GIMP, programu ya bure ya kompyuta. Mwenye programu nyingine yoyote yenye matabaka anaweza kufuata hatua hizi hizi, majina ya vitufe tu ndiyo yatakayobadilika. Nitazungumzia zaidi ndevu. Kuhusu urefu wa nywele za kichwani nitasema machache mwishoni.

Acha kunyoa siku tano

Hatua hii ndiyo wengi wanaoiruka, na ndiyo inayotenganisha picha ya kukusaidia na picha ya kujifurahisha. Ndevu hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo siku tano zinakupa milimita moja na nusu hivi. Ni fupi, lakini zinatosha kuonyesha wapi kuna nywele, wapi zimetawanyika na wapi hakuna kitu. Usichonge mstari wa shavuni wala wa shingoni katika siku hizo. Tunataka kuona zinavyoota zenyewe.

Siku ya tano pitisha kidole mashavuni na shingoni, kwanza kuelekea chini, kisha kuelekea juu. Upande unaokwaruza ni kinyume na uelekeo wa nywele. Mashavuni kwa watu wengi nywele huelekea chini na nyuma kidogo, lakini shingoni kuna vituko: upande mmoja zinaweza kupanda juu, upande wa pili zikazunguka kama kimbunga kidogo. Andika unachokiona au chora mishale kwenye karatasi, maana picha haitakuonyesha uelekeo vizuri kama kidole.

Piga picha mbili

Simama pembeni ya dirisha mchana, mwanga ukikujia kwa mshazari. Mwanga wa kutoka mbele moja kwa moja unafuta vivuli, na bila vivuli vishina vya ndevu havionekani. Simu iwe kwenye kimo cha macho yako, umbali wa mita moja na nusu au zaidi, itegemezwe kwenye kitu kisichotikisika, na utumie kamera ya nyuma na kipima muda. Picha ya kujipiga kwa urefu wa mkono haifai kabisa hapa: ukaribu ule unakuza pua na kupunguza upana wa taya na masikio, na taya ndiyo unayotaka kuihukumu. Zima kila kitu kinacholainisha ngozi.

Picha ya kwanza ni ya uso wenyewe, mdomo umefungwa bila kukazwa. Ya pili ni ileile, ila umeshika kadi ya benki chini ya kidevu ikitazama kamera bapa, upande wenye namba ukiwa umegeuziwa kwako. Kadi za benki zina upana mmoja duniani kote, milimita 85.6, na hiyo ndiyo rula yetu.

Tafuta milimita moja ni pikseli ngapi

Fungua picha ya kadi kwenye GIMP, bonyeza `Shift+M` kupata kifaa cha `Measure`, kisha buruta kutoka ukingo mmoja wa kadi hadi mwingine. Kwa mdogo wangu ilisoma pikseli 685. Gawa:

```
685 / 85.6 = 8
```

Yaani kwenye picha ile milimita moja ni pikseli nane. Ukipata chini ya nne, picha ni ndogo mno kuchorea nywele. Piga upya kwa ubora wa juu zaidi au sogea karibu kidogo. Baada ya hapo usibadilishe ukubwa wa picha mpaka umalize, la sivyo hesabu yote inavurugika.

Sasa unaweza kuchagua urefu ambao kinyozi anauelewa. Kwenye mashine nyingi za kunyolea, chanuo namba 1 huacha milimita 3, namba 2 huacha 6, na namba 4 huacha 13 hivi. Kwa pikseli nane kwa milimita, namba 2 ni pikseli 48 na namba 4 ni pikseli 104. Na kwa kuwa tunajua kasi ya ukuaji, kila urefu una tarehe yake: milimita 6 ni kama wiki tatu za kusubiri, 13 ni wiki sita hivi, na sentimita mbili na nusu ni miezi miwili na nusu. Mdogo wangu aliposikia tarehe hizo, nusu ya mitindo aliyokuwa akiitaka ilijiondoa yenyewe, kwa sababu shughuli aliyokuwa akijiandalia ilikuwa mwezi uliofuata.

Kama nywele zako ni za kujisokota, elewa kwamba urefu wa unywele na unene unaoonekana ni vitu viwili. Unywele wa milimita 13 uliojikunja unaweza kuonekana umetoka nusu yake au chini ya hapo. Kwa hiyo chora kimo kinachoonekana, lakini hesabu siku kwa urefu wa unywele ulionyooshwa.

Chora ramani ya ngozi yako

Fungua picha ya kwanza, isiyo na kadi. Ongeza tabaka tupu kwa `Ctrl+Shift+N`, uliite `ramani`. Kuza picha mpaka uone kishina kimoja kimoja, chukua brashi ya rangi nyekundu, na upake sehemu zote zenye vishina vilivyosongamana. Kisha kwa njano paka palipotawanyika. Pasipo na kitu paache. Shusha `Opacity` ya tabaka hilo hadi 40 ili ngozi ionekane chini yake.

Ifanye kazi hii polepole, hasa sehemu tatu: chini ya pembe za mdomo, pale masharubu yanapotakiwa kukutana na kidevu; katikati ya shavu, kati ya sharafa na mdomo; na chini ya mdomo, pembeni ya kile kishungi cha katikati. Sehemu hizo ndizo zinazokuwa wazi kwa wanaume wengi, na ndizo programu za kubandika huzijaza bila kuuliza. Kwa mdogo wangu pembe ya kushoto ya mdomo ilikuwa na upana wa kidole usio na unywele hata mmoja, na ya kulia ilikuwa njano.

Ramani ikikamilika, sheria ni moja: huruhusiwi kuchora unywele nje ya rangi. Unywele mrefu wa jirani unaweza kulalia sehemu iliyo wazi na kuifunika, hiyo ni halali, kwa sababu ndivyo inavyokuwa hata usoni. Lakini mzizi wake lazima uwe ndani ya nyekundu au njano.

Anza na kivuli, si na nywele

Mtu akiangalia ndevu kwa umbali wa kawaida haoni nyuzi. Anaona giza lenye kingo laini, na nyuzi chache pembeni zinazomthibitishia kwamba zile ni nywele. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kivuli.

Ongeza tabaka jipya, liite `kivuli`, na pale kwenye `Mode` chagua `Multiply`. Bonyeza `O` na uchukue rangi kutoka kwenye nyusi zako, sehemu ya katikati, si ile nyeusi kabisa. Kamwe usitumie rangi nyeusi tupu. Hakuna ndevu za rangi hiyo kwenye picha ya mchana, na jicho hulishtukia mara moja. Bonyeza `P` kurudi kwenye brashi, chagua ile inayoitwa `2. Hardness 025`, weka `Size` kama pikseli 80 na `Opacity` kama 15. Pitisha mara kadhaa kwenye nyekundu, mara moja au mbili tu kwenye njano. Giza lijengeke kidogo kidogo.

Fuata mwanga wa picha. Upande wa dirishani kivuli kiwe chepesi, upande wa pili kiwe kizito zaidi, na kizito kuliko pote kiwe chini ya kidevu na chini ya mfupa wa taya. Ukipaka sawasawa kila mahali utapata kitu kama masizi.

Kwa ngozi nyeusi sana `Multiply` haitafanya mengi, kwa kuwa giza juu ya giza halionekani. Hapo ndevu hutambulika kwa kung'aa kwake na kwa jinsi ngozi inavyopoteza mng'ao chini yake. Punguza kwanza zile sehemu za ngozi zinazong'aa shavuni na kidevuni kwa kivuli hicho hicho, kisha uweke nguvu zaidi kwenye nyuzi zenye mwanga nitakazozieleza hapa chini.

Nyuzi

Ongeza tabaka la `nywele`, `Mode` iwe `Normal`. Chagua brashi `2. Hardness 075` na urudishe `Opacity` ya brashi hadi 100. Unywele wa ndevu una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, au kidogo zaidi, na kwa kipimo chetu hiyo ni kama pikseli moja. Nilitumia `Size` 2 au 3, kwa kuhesabu kwamba mstari mmoja unawakilisha nyuzi mbili tatu zilizogandamana. Aliyechora kwa brashi ya pikseli sita au nane anatoa ndevu za majani ya mgomba, na hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

Kwa anayetumia kipanya, kuna mpangilio mmoja unaookoa muda mwingi. Kwenye chaguo za brashi, tafuta `Dynamics` na uchague `Fade Tapering`. Kisha fungua `Dynamics Options` na kwenye `Fade length` uandike urefu wa ndevu kwa pikseli. Kwa namba 2 nikaandika 48. Sasa kila ukivuta mstari unaanza mnene na kukonda kuelekea mwisho wa urefu huo, kama unywele halisi. Kipimo kinakuwa ndani ya brashi yenyewe, na mkono hauwezi kudanganya.

Vuta kila mstari kutoka kwenye mzizi kuelekea nchani, kwa kufuata mishale uliyoiandika ulipopitisha kidole. Masharubu yanaanzia kwenye kifereji cha chini ya pua na kwenda nje pande zote mbili. Kidevuni zinashuka. Shavuni zinalala karibu na ngozi, kwa hiyo zinaongeza giza zaidi kuliko unene. Ndiyo maana ndevu za milimita 13 hazipanui sana uso kwa pembeni lakini zinaurefusha kwa chini. Nywele zako zikiwa za kujisokota, badala ya mistari iliyonyooka chora vindoano vifupi, kila kimoja kikigeukia upande wake, na baadhi viwe nukta tu, yaani vile vinavyokutazama kwa ncha.

Hakuna haja ya kuchora kila unywele. Chora kwa mafungu ya nyuzi kumi au kumi na tano, acha upenyo wa ngozi, halafu fungu jingine. Badilisha rangi kila baada ya mafungu machache: moja kutoka kwenye nyusi, moja nyeusi zaidi, moja yenye wekundu kidogo, kwa sababu ndevu za wengi zina joto la rangi kuliko nywele za kichwani. Mwisho ongeza tabaka la `mwanga` na uchore nyuzi chache za rangi nyepesi upande wa dirishani tu.

Kingo ndizo zitakazokupa taabu. Ukingo wa shavuni usiwe mstari; uwe nyuzi zinazopungua mpaka moja moja. Hata kama unapanga kuchonga, chora kwanza ukingo wa asili, halafu uufute kwa barakoa, yaani kifuniko cha tabaka kinachoficha kila unapopaka nyeusi. Bonyeza tabaka la `nywele` kwa kitufe cha kulia, ongeza barakoa nyeupe, na upake nyeusi pale wembe utakapopita. Ukipaka nyeupe nywele zinarudi. Fanya hivyo hivyo kwenye `kivuli`, la sivyo utakuwa umenyoa nywele na kuacha weusi wake. Mstari wa shingoni kwa kawaida vinyozi huuweka vidole viwili juu ya kikoromeo. Ukiupandisha hadi kwenye mfupa wa taya, kichwa kikigeuka nyama ya chini ya kidevu inaonekana wazi, lakini picha ya mbele haikuonyeshi hilo.

Ioanishe na picha

Lifiche kwanza tabaka la `ramani`. Nyuzi ulizochora zitakuwa kali kuliko picha yenyewe. Linganisha na nyusi: kama nyusi zina ukungu kidogo, ndevu nazo ziwe nao. Nenda `Filters > Blur > Gaussian Blur` na uanze na 0.5, mara chache utahitaji zaidi ya 1. Kama picha ina chembechembe, tia kidogo kwenye matabaka yako kwa `Filters > Noise`. Hifadhi faili kwa `File > Save` ili matabaka yabaki kwenye `.xcf`, na nakala ya kuwaonyesha watu itoe kwa `File > Export As`.

Kisha ihukumu kwa njia mbili. Kwanza ipunguze kwenye skrini hadi 25 kwa mia na urudi nyuma hatua mbili. Ndevu zikiwa za kwanza kuonekana kabla ya macho, umezipaka giza mno au kingo zake ni kali. Pili, nenda `View > Flip & Rotate` na uigeuze kulia kwenda kushoto. Wewe umeuzoea uso wako wa kwenye kioo, na picha iliyogeuzwa ndiyo itakayokuambia kama unautambua. Watu wengine waonyeshe isiyogeuzwa, maana hiyo ndiyo sura wanayoijua.

Kama ni nywele za kichwani

Kurefusha ni rahisi kuliko kufupisha, kwa sababu unachora juu ya kitu kilichopo. Ukifupisha unafunua kitu ambacho kamera haikukiona: sikio, shingo, bega, ukuta wa nyuma. Watu hukesha wakibuni sikio kwa brashi bila sababu. Piga picha mbili simu ikiwa palepale bila kusogea, moja nywele zikiwa wazi na nyingine zikiwa zimebanwa kabisa nyuma. Iweke ya nywele wazi juu ya ile ya kubana, ongeza barakoa, na upake nyeusi kuanzia nchani kupanda juu. Shingo na sikio vinavyotokea ni vyako mwenyewe, kwenye mwanga uleule. Simama ukipaka kwenye kidevu, kwenye taya, kwenye sikio, na uhifadhi nakala ya kila kituo. Barakoa, hata hivyo, haijui kwamba nywele zikipungua uzito hupanda. Zenye mawimbi au za kujisokota zitaruka juu kuliko mstari uliouchora, kwa hiyo mwambie msusi akate chini ya mstari huo, aone zinavyokaa, ndipo aendelee.

Kilichotokea

Mdogo wangu tulimchorea matoleo mawili. La milimita 13 lilikuwa na shimo la wazi kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, na nyuzi za masharubu za urefu huo hazikulifikia. La milimita 6 tuliliacha bila kuunganisha masharubu na kidevu, mashavu tukayasafisha kwa barakoa hadi usawa wa pembe za mdomo. Hilo ndilo alilolichagua, na akampelekea kinyozi picha pamoja na maneno matatu: namba 2, usiunganishe.

Baada ya wiki tatu nilimpiga picha mahali palepale nikaziweka mbili sambamba. Kidevu kilikuwa karibu sawa, na ile pembe ya kushoto ilikuwa wazi kama ramani ilivyosema. Nilikosea shingoni upande wa kulia: nilichora nywele zikishuka, kumbe pale zinapanda, na ukingo wake ukaonekana umevimba. Upande ule sikuwa nimepitisha kidole. Pia shavuni zilikuwa nzito kidogo kuliko nilivyochora, kwa sababu nyuzi nyembamba za rangi nyepesi hazikuonekana siku ya tano. Kwa kijana hali hiyo hutokea zaidi, maana ndevu za wengi huendelea kujaza hata baada ya miaka 25. Faili la `.xcf` bado ninalo, na mwakani tutachora `ramani` upya juu ya picha mpya.